UZI: Mashine 3, tenki la lita 5,000, sehemu 2 za kuoshea magari. Nimepata wateja 120 kwa siku, niangalizieni hesabu

Mto_wa_Pili (mwanzisha uzi)
Wakuu habari. Nataka kufungua sehemu moja yenye laundri na kuosha magari, vyote vinakula tenki moja. Nimekaa na daftari wiki nzima, hesabu yangu ni hii.

Laundri: mashine 3 za mlango wa mbele, kila moja kilo 10. Programu ya saa 1. Tunafungua saa 2 asubuhi tunafunga saa 12 jioni, yaani masaa 10. Kwaio kila mashine mizunguko 10, jumla 30, mara kilo 10 ni kilo 300 kwa siku. Mteja wa kawaida nimemkadiria kilo 5, napata wateja 60. Draya 1 ya kilo 10.

Magari: sehemu 2, kila gari dakika 20, ni magari 60.

Maji: mashine lita 60 kwa mzunguko mara 30 ni lita 1,800. Gari lita 50 mara 60 ni lita 3,000. Jumla 4,800, na tenki ni 5,000 kwaio naona linatosha na chenji inabaki. Mashine 1 ninayo tayari, zingine bado sijanunua ndo maana nauliza mapema. Nimekosea wapi?

Nyundo7
Lita 50 kwa gari haiwezekani mkuu. Mi nilikuwa naosha magari, gari moja lilikuwa linakula lita 300 bila shida. Zidisha hapo uone tenki lako linaishia saa ngapi.

kifuli88
@Nyundo7 ulikuwa unatumia mpira au mashine ya presha? Maana hizo ni habari mbili tofauti kabisa.

Nyundo7
Mpira wa kawaida.

kifuli88
Basi ndo hapo. Mpira ukiwa wazi unajaza ndoo ya lita 20 kwa kama dakika moja hivi, na watu wanauacha unamwaga chini huku wanasugua. Dakika 15 tu ushafika lita 300. Mashine ya presha ndogo inatoa kama lita 8 kwa dakika na ukiachia kifyatulio inakata. Mimi nilikaa na saa nikahesabu dakika ambazo kifyatulio kimebanwa tu, sio muda wote gari lipo pale. Gari dogo ilikuwa dakika 6 mpaka 8, gari kubwa lenye tope dakika 12 na zaidi. Kwaio gari dogo ni lita 50 mpaka 65, kubwa kama 100, halafu ongeza ndoo ya sabuni, mapulizo ya mazulia ya ndani na maji ya kusafishia sakafu. Mi ningeweka lita 80 kwa wastani. Mleta uzi hajakosea sana kwenye maji, kakosea kwenye idadi ya magari.

Dobi Mzoefu
Nimesoma yote. Mto_wa_Pili daftari lako zuri ila mstari wa kilo 300 ufute kabisa, usije ukanunua mashine kwa mstari huo.

Kwanza, kilo 10 iliyoandikwa kwenye mashine ni nguo za pamba kavu zilizojaza pipa mpaka juu kwenye programu ndefu ya pamba, ile ya masaa. Programu ya saa 1 kwenye mashine nyingi hairuhusu mzigo huo, fungua kitabu chake utaona wameandika nusu au chini ya nusu.

Pili na hili ndo kubwa, wewe huoshi kilo, unaosha mizigo ya watu. Nguo za mteja A huwezi kuchanganya na za mteja B. Mteja wa kilo 5 analeta nyeupe kilo 2 na za rangi kilo 3, hiyo ni mizunguko miwili tayari na kila mmoja unazungusha pipa la kilo 10 likiwa na robo. Wengine wataleta za rangi tupu, mzunguko mmoja. Chukua wastani wa mzunguko mmoja na nusu kwa mteja.

Tatu, mashine haijipakii yenyewe. Kutoa nguo, kukagua mifuko, kupaka madoa, kuweka sabuni, kuandika tiketi, ukiwa peke yako unahudumia mashine 3 na mteja kasimama kaunta, weka dakika 15 kati ya mzunguko na mzunguko. Saa 1 inakuwa dakika 75. Masaa 10 ni dakika 600, gawa kwa 75 unapata 8, na ule wa mwisho ukitoka saa 12 kamili hauna muda wa kukauka, kwaio 7. Mashine 3 mara 7 ni mizigo 21. Gawa kwa moja na nusu.

Wateja 14.

Mto_wa_Pili
Kutoka 60 mpaka 14?? Mzee umenivunja miguu.

bibi_sabuni
Pole mwanangu, bora uvunjike kwenye daftari kuliko kwenye fremu ushalipia.

Msafi Daima
Jamani na mimi niulize hapohapo, familia ya watu 5 mashine ya kilo 7 inatosha au nichukue 10? Na ile harufu ya uvundo kwenye mpira wa mlango inatokaje?

kifuli88
@Msafi Daima hapa tunahesabu biashara ndugu, ila acha mlango wazi ukimaliza kufua na ufute ule mpira, uvundo utapungua. Kilo 10 ni nzuri kwa mashuka na mablanketi.

Kamba_ya_Nguo
Mnazungumzia mashine ya kufulia, hakuna aliyegusa draya. Draya ndo itamfunga huyu ndugu.

Draya yake ni 1. Mzigo mmoja dakika 50 ukikauka vizuri, na dakika 5 za kutoa na kusafisha kichujio cha manyoya, ni 55. Masaa 10 ni mizigo 10 na kitu. Huku mashine zinamtolea 21. Ifikapo mchana ana vikapu vya nguo mbichi vimepangana sakafuni na mashine zinasubiri. Mizigo 10 kwa mmoja na nusu ni wateja kama 7, sio 14. Mimi nilianza hivyohivyo, miezi miwili nilidhani nahitaji mashine ya nne ya kufulia, kumbe nilihitaji draya ya pili.

Nyundo7
Si anaweza kuchanganya nguo kwenye draya? Zimeshafuliwa hazichuji rangi tena, aweke kila mteja kwenye mfuko wa neti.

Dobi Mzoefu
@Nyundo7 neti inasaidia kwa soksi na nguo za ndani. Ukiweka kilo 3 za jinzi kwenye neti moja, unatoa mfuko wenye nje kavu na katikati mbichi, hewa haiingii. Mfuko usizidi nusu kujaa. Na kwenye kufua hivyohivyo, neti iliyobana haisuuziki, sabuni inabaki ndani ya mkunjo na mteja anarudi anajikuna.

@Kamba_ya_Nguo upo sahihi kuhusu draya lakini dakika 50 inategemea zimekamuliwaje. Nguo kavu kilo 5 zikikamuliwa kwa mizunguko 1,400 kwa dakika zinatoka na maji kama lita 2 na nusu. Zikikamuliwa kwa 1,000 zinatoka na lita 3 na robo hivi. Draya ndogo ya umeme ya kilowati 2 na nusu inafukuza kama lita 2 na nusu kwa saa. Kwaio tofauti ya kukamua tu ni dakika 15 mpaka 20 za draya, kila mzigo. Kukamua ni dakika chache na umeme mdogo, kukausha ni moto. Watu wananunua mashine wanaangalia kilo, hawaangalii kasi ya kukamua.

Kamba_ya_Nguo
Hapo nakubali. Mi zangu zilikuwa za 1,000.

bibi_sabuni
Lakini @Dobi Mzoefu kwa nini umemkata ule mzunguko wa mwisho? Sio kila mteja anasubiri palepale. Mimi napokea leo, nafua leo, nakausha kesho asubuhi na mteja anachukua kesho jioni. Mashine zangu hazijali saa 12, zinamalizia mizigo nikiwa nahesabu pesa na asubuhi draya inaanza na nguo zinazosubiri badala ya kukaa tupu saa nzima ya kwanza.

Dobi Mzoefu
Nguo mbichi kulala ndani ya pipa usiku mzima? Zitanuka.

bibi_sabuni
Sizilazi kwenye pipa, natandaza kwenye waya. Miaka yote hii sijaletewa lalamiko.

Dobi Mzoefu
Sawa dada, wewe una nafasi ya kutandaza. Fremu ya huyu sijui kama inayo.

FundiBomba
Wakuu mimi ni wa mabomba, nina swali moja kwa mleta uzi. Tenki litakaa juu kiasi gani kutoka kwenye bomba la mashine? Maana wote mmehesabu lita, hakuna aliyehesabu kasi ya maji kufika.

Mto_wa_Pili
Kuna stendi ya chuma, sakafu ya tenki ipo kama mita 2 juu ya bomba. Na sasa nashukuru umeuliza kwa sababu jana nimejaribu hii mashine 1 niliyonayo na kuna kitu sikielewi. Nguo kilo 6 mchanganyiko, digrii 40, kioo kinasoma 1:00. Imemaliza baada ya saa 1 na dakika 22. Nimerudia leo, saa 1 na dakika 19.

FundiBomba
Ndo hilo nilikuwa nalitafuta. Mita 10 za maji zinakupa bar 1. Mita 2 ni bar 0.2. Soma kibati nyuma ya mashine, nyingi zinataka kuanzia 0.3 au 0.5 ndo valvu yake ifunguke vizuri. Chini ya hapo maji yanaingia kwa kujivuta. Chomoa mpira wa mashine pale kwenye bomba, kinga ndoo ya lita 20, pima muda, utuletee hapa.

Mto_wa_Pili
Nimepima. Dakika 3 na sekunde 50.

FundiBomba
Lita 5 kwa dakika. Bomba zuri linatoa 10 mpaka 12. Jibu umepata, weka pampu ndogo ya kuongeza presha yenye swichi ya kujiwasha.

kifuli88
@FundiBomba subiri, hesabu haifungi. Mashine inakula lita 60 mzunguko mzima, kwa lita 5 kwa dakika ni dakika 12 za kujaza. Kwa lita 10 ni dakika 6. Umeeleza dakika 6 tu, zingine 16 zimetoka wapi?

FundiBomba
Ndoo haina valvu mkuu. Ule mpira ukiurudisha kwenye mashine unapita kwenye kichujio kidogo na valvu, kwa presha ndogo hivyo haipiti lita 5 tena, inaweza kuwa 3. Hapo ni dakika 20 za kujaza.

Dobi Mzoefu
Inawezekana, lakini mimi nilishawahi kuwa na mashine yenye presha nzuri kabisa na bado inachelewa dakika 20, shida ilikuwa sabuni. Ukizidisha sabuni povu linajaa, mashine inalihisi, inasitisha kukamua na kuongeza kusuuza. Hapo unapoteza muda na maji, lita 10 mpaka 15 kila kusuuza kulikoongezwa. Mto_wa_Pili unaweka kiasi gani?

Mto_wa_Pili
Kikombe kimoja cha unga. Ile sabuni ya kufulia ya mkono ya kawaida.

Dobi Mzoefu
Eeh. Sabuni ya mkono imetengenezwa itoe povu. Mashine ya mlango wa mbele inataka ya povu dogo.

Kamba_ya_Nguo
Mi nadhani ni moto. Digrii 40 kwa maji ya baridi ya digrii 20, lita 15 ndani ya pipa, hita ya kilowati 2 inahitaji dakika 10 hivi umeme ukiwa timamu. Umeme ukishuka kutoka volti 230 mpaka 200, hita inabaki na nguvu kama robo tatu tu, dakika zinaongezeka. Saa ya mashine imepangwa kwa umeme wa kawaida. Na kuna jinzi na taulo pia, mzigo ukikaa upande mmoja mashine inajaribu kukamua, inaacha, inageuza, inajaribu tena.

Dobi Mzoefu
Badala ya kubishana kaa nayo mzunguko mmoja, Mto_wa_Pili, na kiti na daftari. Angalia namba za dakika zinaganda wapi. Zikiganda huku unasikia maji yanaingia, ni presha au kichujio. Zikiganda mwanzoni, maji hayaingii na pipa linageuka taratibu, ni kupasha moto. Zikiganda mwishoni na mashine inaanza kukamua inaacha bila kuvuta maji, ni mzigo kukaa vibaya. Ikiacha kukamua halafu ikavuta maji upya, ni povu.

Na ujue kwa nini nakusumbua na hizi dakika 20. Dakika 80 na 15 zako za kupakia ni 95. Masaa 10 inaingia mara 6, toa wa mwisho ni 5. Mashine 3 ni mizigo 15, wateja 10. Umepoteza wateja 4 kila siku bila kuona tatizo lolote kwa macho, maana nguo zinatoka safi.

Nyundo7
Na magari mmeyasahau.

kifuli88
Sijasahau. Dakika 20 zake ni za kuosha nje tu. Weka vakyumu ndani, kufuta vioo, dashibodi, kukausha na kitambaa, gari linakaa dakika 35 mpaka 40. Likibaki palepale kwenye maji muda wote huo, sehemu 2 zinatoa magari 3 kwa saa. Lakini akiwa na nafasi kavu pembeni, gari likishasuuzwa linasogezwa, pale penye maji linakaa dakika 15 tu, sehemu 2 zinatoa 8 kwa saa. Mashine ileile, maji yaleyale. Ila anahitaji watu wa kutosha upande mkavu, la sivyo foleni inahamia huko.

Na 8 kwa saa usizidishe mara 10. Magari hayaji kwa mstari. Siku ya kazi unaweza kukaa saa nzima hakuna kitu, siku ya mapumziko yanakuja yote saa 4 asubuhi na mtu akikuta matano mbele yake anageuza. Kwaio angalia yale masaa 4 ya moto, 32 ndo mwisho kabisa, na ukifika 25 shukuru.

Mto_wa_Pili
Sasa nipigieni maji ya siku hiyo ya moto.

kifuli88
Saa moja ya moto: magari 8 mara lita 80 ni 640. Laundri mashine 3 kwa dakika 75 kila mzunguko ni kama lita 145 kwa saa. Jumla 785. Tenki linapokea kiasi gani kwa saa?

Mto_wa_Pili
Nilipima, kama lita 300.

kifuli88
Basi linapungua lita 485 kila saa. Masaa 4 umetumia kama 1,940 ya akiba, upo salama. Siku maji hayaji kabisa, 5,000 gawa kwa 785 ni masaa 6 na kidogo. Toa na yale ya chini ambayo bomba halifikii, lina matope. Tenki lako kwa ukubwa sio tatizo, mi ningeliacha.

FundiBomba
Kwa ukubwa sawa, kwa bomba hapana. Presha mashine na mashine za nguo zikivuta kwenye bomba moja, kila kifyatulio kikibanwa laundri inakosa maji. Hizo mbili za presha zinataka lita 16 kwa dakika. Zikikosa zinanyonya hewa, utasikia zinatetemeka na sauti inabadilika, pampu inakufa mapema. Toa matundu mawili kwenye tenki, kila upande na bomba lake. Hili sibishani na mtu.

bibi_sabuni
Na yale maji ya kusuuzia mwisho anayamwaga? Si ayaelekeze kwenye kuoshea magari.

Dobi Mzoefu
Wazo zuri ila mashine hizi zinatoa maji yote kwenye mpira mmoja, ya kwanza machafu na ya mwisho masafi. Lazima mtu awepo ahamishe mpira kwenye pipa wakati wa kusuuza kwa mwisho. Na yana manyoya ya nguo, ukipitisha kwenye presha mashine bila kuchuja ncha inaziba. Yatumie kwa sakafu na mazulia ya gari, kwa ndoo.

Kingine, vitambaa vya kufutia magari visiingie kwenye mashine za wateja. Vina mchanga na mafuta. Shati jeupe la mtu likitoka na mstari wa grisi, huyo harudi. Ile mashine ya kwanza ikizeeka ndo iwe ya vitambaa.

Mto_wa_Pili
Nimekaa na kiti kama mlivyosema. Sabuni nimepunguza mpaka nusu kikombe ila ni ileile ya mkono. Namba ziliganda mwanzoni dakika 9 bila maji kuingia. Halafu kila kujaza ziliganda dakika 1 au 2 maji yakiingia. Mwishoni ilijaribu kukamua mara 3, mara moja ilivuta maji tena. Jumla saa 1 na dakika 17.

Kamba_ya_Nguo
Dakika 9 mwanzoni, moto. Nilisema.

FundiBomba
Na kila kujaza? Ukijumlisha hizo mojamoja utapata nyingi. Safisha kichujio kisha uinue tenki mita moja tuone.

Dobi Mzoefu
Imevuta maji baada ya kukamua, povu bado lipo. Jaribu mzunguko mmoja kwa maji ya baridi bila sabuni kabisa, nguo zilezile kilo 6. Ikimaliza kwa saa 1 tutajua sio bomba.

FundiBomba
Ukizima moto na sabuni kwa pamoja utajuaje ni kipi kati ya hivyo? Zima kimoja kimoja.

Mto_wa_Pili
Kesho naanza na sabuni, keshokutwa moto. Mashine ya pili na ya tatu nimezisimamisha kwanza, pesa ya ile ya tatu nataka iwe draya. Ahsanteni wakuu.

bibi_sabuni
Draya uchukue, na waya wa kutandaza usisahau.

Msafi Daima
Nimefuta ule mpira wa mlango, nimekuta soksi ya mtoto ndani. Harufu imepungua kweli.